Maelezo Binafsi: Maombi ya Kujiunga na Shahada ya Udaktari wa Binadamu

Kwa Kamati ya Udahili,

Nina miaka 37. Tangu 2012 ninafundisha Biolojia na Kemia katika shule ya sekondari ya kata wilayani Sengerema, na sasa naomba nafasi ya kusoma udaktari katika chuo chenu hapo Bugando. Siombi kwa sababu nimeuchoka ualimu. Nikikosa nafasi hii, Januari nitakuwa darasani kama kawaida.

Kilichonisogeza huku ni daftari la mahudhurio. Nilikuwa mwalimu wa darasa la kidato cha tatu, na binti mmoja alikuwa akikosa shule siku mbili tatu, anarudi, anakosa tena. Wenzake walimwita mtegaji. Nilipolipitia daftari kwa utulivu niliona kwamba anakosa zaidi miezi ya mvua, mara nyingi baada ya mchakamchaka wa alfajiri. Macho yake yalikuwa na umanjano. Niliwaomba wazazi wampeleke kupima, na majibu yalikuwa selimundu.

Selimundu nimeifundisha miaka yote kwenye mada ya urithi. Naweza kueleza jinsi asidi ya glutamiki inavyoachia nafasi yake kwa valini kwenye globini beta, na kwa nini mtu aliyerithi jeni moja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Mama wa yule binti aliniuliza, "Mwalimu, ugonjwa huu umetoka upande wangu au wa baba yake?" Hilo nililimudu: kila mmoja ametoa jeni moja, hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole, na katika kila mimba uwezekano wa mtoto kuugua ni robo. Kisha akauliza kama haidroksiyurea aliyoandikiwa mwanawe ataimeza maisha yote, na itakuwaje siku akiolewa na kutaka kuzaa. Hapo sikuwa na la kusema zaidi ya kumrudisha kliniki.

Baadaye maumivu yalimzidi usiku akapewa rufaa kuja Mwanza, nami nikamsindikiza. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa halijafunguliwa, kwa hiyo tulisubiri kivuko. Nesi alikuwa akimhudumia ndani ya gari. Mimi, niliyejua jina la kila protini iliyohusika, kazi yangu ilikuwa kushika chupa ya dripu. Binti alipata nafuu na baadaye akamaliza kidato cha nne. Mimi nilianza kutafuta vyeti vyangu.

Sikutaka kuomba kwa msukumo wa tukio moja, kwa hiyo likizo zangu nimekuwa nikijitolea kituo cha afya kilicho jirani na shule. Naandikisha wagonjwa, napima joto na uzito, nawaelekeza dirisha la dawa. Ni kazi ndogo, lakini nimeona jambo ambalo mwalimu yeyote angeliona: mgonjwa akiulizwa "umeelewa?" hujibu "ndiyo" kwa sauti ileile ya darasa zima linaloitikia "ndiyooo" huku nusu yake halijaambulia kitu. Mganga aliniruhusu niwe nawauliza wanapotoka: "Ukifika nyumbani utamwambia nini mzee kuhusu dawa hizi?" Majibu mengine yalitufanya tumrudishe mgonjwa ndani aelezwe upya. Ustadi huo wa kutoridhika na "ndiyo" ndio ninaotaka kuja nao, na naamini utanifaa zaidi kuliko Biolojia ninayoijua.

Kuhusu udhaifu wangu: kidato cha sita nilimaliza 2007 kwa mchepuo wa Fizikia, Kemia na Biolojia, na Fizikia ndiyo iliyonipa alama ya chini kuliko zote, C. Tangu mwaka jana naisoma upya jioni na mwalimu mwenzangu, tukifanya mitihani ya zamani. Sikuifanya kuwa somo la kufundishia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na pengo hilo nalijua.

Umri nimeupigia hesabu. Miaka mitano ya masomo na mmoja wa utarajali itanifikisha 43. Hadi umri wa kustaafu kwa lazima inabaki 17. Sitakuwa bingwa wa upasuaji wa moyo, wala sikusudii. Nataka kufanya kazi katika hospitali ya wilaya, ikiwezekana kanda hii ya Ziwa, na kushughulika na watoto.

Mume wangu ni fundi umeme na tuna watoto wawili, wote sasa wako shule. Tumekubaliana kuhamia Mwanza. Mkopo wa shahada ya kwanza nimeshaulipa kupitia makato ya mshahara, na tuna akiba ya ada ya miaka miwili ya mwanzo. Kwa iliyobaki tutategemea kazi yake na shamba letu la mpunga. Maombi ya ruhusa ya masomo yako kwa mwajiri wangu, na mkuu wa shule ameyapitisha.

Niko tayari kuja kwenye usaili siku yoyote mtakayopanga, hata ndani ya muhula.