Ulikosa semina ya sumukuvu? Rekodi itapatikana Jumanne, 17 Juni, saa 6 mchana

Ndugu mshiriki,

Ulijiandikisha kwenye semina yetu ya mtandaoni, "Mahindi Salama: Kukausha na Kuhifadhi Bila Sumukuvu", iliyofanyika Alhamisi, 12 Juni 2025, ila hatukukuona. Tunajua msimu huu ulivyo. Wengi wenu mko shambani mnavuna, na mtandao wa shambani kila mtu anaujua.

Rekodi itakuwa tayari Jumanne, 17 Juni 2025, saa 6 mchana kwa saa za Afrika Mashariki. Kiungo kitakuja kwenye barua pepe hii hii, kwa hiyo huna haja ya kujiandikisha upya wala kulipa chochote. Utaweza kuitazama hadi Alhamisi, 31 Julai. Usipoona ujumbe wetu hadi Jumanne jioni, angalia kwanza kwenye folda ya barua taka, kisha utujibu hapa.

Hatuitumi leo kwa sababu semina ilichukua karibu saa mbili, na faili zima lingemaliza bando la mtu. Tunaigawa vipande vitatu: kukausha, kuhifadhi, na maswali na majibu. Kila kipande kitakuwa na toleo la sauti tupu ambalo ni jepesi kusambaza kwa WhatsApp, maana tunajua vikundi vya wakulima hupitishiana huko.

Lakini kuna jambo moja tusingependa lisubiri hadi Jumanne, kwa kuwa huenda mahindi yako yameshaanikwa. Ni kipimo cha chumvi, kwa asiye na mashine ya kupimia unyevu. Chukua chupa ya kioo, safi na kavu kabisa. Tia punje za mahindi hadi robo au theluthi ya chupa, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, utikise kwa dakika moja, kisha uiache itulie dakika 15 hivi. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha mahindi juani. Isipoganda, yameshuka chini ya hapo. Hata hivyo usikimbilie kufunga magunia. Kiwango salama cha kuhifadhia ni asilimia 13.5 au chini yake, na chumvi haiwezi kukuonyesha tofauti hiyo ndogo, kwa hiyo yaanike tena siku moja au mbili. Na yaanike juu ya turubai. Kuvu wanaotengeneza sumu hii wanaishi kwenye udongo, na kuanika chini ni kuwakaribisha.

Swali lililorudiwa kuliko yote lilikuwa kama kupika kunaondoa sumu. Hakuiondoi: sumukuvu haimalizwi na moto wa jikoni, iwe ugali au uji wa mtoto. Wengine waliuliza kuhusu kuwapa ng'ombe au kuku mahindi yaliyoota ukungu. Usifanye hivyo. Ng'ombe wa maziwa akila sumu, sehemu yake hutokea kwenye maziwa unayokunywa wewe. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, na mwaka 2016 sumu hiyo hiyo iliua watu Dodoma na Manyara.

Kuhusu mifuko ya PICS, ambayo mjadala wake ulikuwa mkali kidogo, kipande cha pili kitaonyesha namna ya kufunga mifuko miwili ya ndani, mmoja mmoja, kabla ya gunia la nje. Mifuko hiyo inaua wadudu kwa kuwanyima hewa. Haikaushi mahindi wala haiondoi sumu iliyokwishaingia, haidhuru muuzaji atakuambia nini.

Cheti cha ushiriki bado unaweza kukipata. Tazama vipande vyote vitatu, ujibu maswali mafupi yaliyo mwishoni mwa kipande cha tatu kabla ya 31 Julai, nacho utatumiwa kwa barua pepe.

Tumepanga pia kikao kifupi cha maswali kwa ajili yenu mliokosa, Jumamosi, 21 Juni, saa 4 asubuhi, kupitia Zoom. Mtaalamu aliyefundisha atakuwepo. Ukitaka kuhudhuria, jibu barua pepe hii kwa neno NITAKUWEPO kabla ya Ijumaa, 20 Juni, saa 10 jioni, nasi tutakutumia kiungo. Kama una swali na hutaweza kuingia, liandike kwenye jibu lako na utaje wilaya unakolima, kwa sababu ushauri wa Kongwa na wa Rungwe hauwezi kuwa mmoja. Picha ya mahindi yenyewe ikiambatishwa itasaidia zaidi.

Tunakutakia mavuno mema.

Mratibu wa Semina ya Mahindi Salama
Dodoma