Antibiotiki za wodini kwenye ukurasa mmoja

Kwa intani na wanafunzi wa Wodi ya Magonjwa ya Ndani. Karatasi hii ibaki juu ya meza ya dawa.

Kwenye raundi ni rahisi kutaja dawa inaua nini. Swali linalowakwamisha wengi ni lile la isichokigusa, na mgonjwa huumia hapohapo. Anzeni na safu ya tatu.

| Dawa | Inafika | Haigusi | Inavyofanya kazi | Madhara |
|---|---|---|---|---|
| Penisilini G | Streptokokasi, meningokokasi, kaswende | Stafilokokasi nyingi, maana huivunja | Huzuia ujenzi wa ukuta wa seli | Mzio |
| Kloksasilini | Stafilokokasi | MRSA, enterokokasi, Gramu hasi | Ukuta | Mzio, mshipa kuvimba, ini |
| Ampisilini | Enterokokasi, listeria | Klebsiela, sudomonasi | Ukuta | Vipele, kuhara |
| Seftriaksoni | Nimonia, homa ya uti wa mgongo, Gramu hasi nyingi | Enterokokasi, listeria, sudomonasi, MRSA, ESBL | Ukuta | Uji kwenye nyongo, kuhara |
| Meropenemu | Karibu zote, pamoja na ESBL | MRSA | Ukuta | Degedege. Hushusha valproeti |
| Vankomaisini | Gramu chanya, MRSA | Gramu hasi zote | Ukuta, kwa kushika malighafi yake | Figo. Ngozi kuwa nyekundu ikipitishwa haraka |
| Jentamaisini | Gramu hasi, sudomonasi | Wasiohitaji oksijeni | Ribosomu 30S | Figo, masikio |
| Doksisaiklini | Riketsia, brusela, kipindupindu | Sudomonasi | Ribosomu 30S | Umio kuungua, ngozi kuchomwa na jua |
| Azithromaisini | Maikoplazma, klamidia | Sudomonasi | Ribosomu 50S | Tumbo, QT kurefuka |
| Siprofloksasini | Gramu hasi, sudomonasi | Dhaifu kwa numokokasi | Vimeng'enya vya kukunjua DNA | Kano, QT, sukari kupanda au kushuka |
| Metronidazoli | Wasiohitaji oksijeni, amiba, jiadia | Wote wanaohitaji oksijeni | Huharibu DNA | Ladha ya chuma, ganzi miguuni |
| Kotrimoksazoli | Nimonia ya PCP, mkojo | Sudomonasi | Hukata njia ya foleti mara mbili | Ngozi kubabuka, potasiamu kupanda |

Seftriaksoni naiongelea zaidi kwa sababu ndiyo tunayoichoma kila siku, na mazoea yametufanya tuione haina pengo. Chukueni mfano huu. Mama wa miaka 62 ana katheta ya mkojo, na siku ya nne ya seftriaksoni homa bado ni 38.9. Daktari anataka kupandisha hadi meropenemu. Maabara wanaleta majibu ya mkojo: enterokokasi. Hakuna sefalosporini ya kawaida inayoigusa, kwa hiyo siku nne zile dawa ilikuwa ikipita tu. Kinachofaa, kama vipimo vya usugu vinaruhusu, ni ampisilini, dawa ya bei ndogo iliyo kabatini, pamoja na kutoa au kubadilisha ile katheta. Hivyo hivyo kwa mzee mwenye homa ya uti wa mgongo: kwa umri wa zaidi ya miaka 50 ongezeni ampisilini kwa ajili ya listeria. Na kichanga anayepewa dripu yenye kalisiamu hapewi seftriaksoni.

Jentamaisini inahitaji oksijeni ili iingie ndani ya bakteria. Ndiyo maana jipu la tumbo haliponi kwayo peke yake, na ndiyo maana mnaiona ikiandamana na metronidazoli. Kreatinini ipimwe kabla ya kuanza na irudiwe dawa ikiendelea. Mwulizeni mgonjwa mwenyewe: "Ukisimama unayumba? Masikio yanalia?" Madhara ya figo kwa kawaida hurudi nyuma, ya sikio mara nyingi hayarudi. Mwenye mayasthenia asipewe.

Meropenemu na valproeti ni mtego wa kweli. Kiwango cha valproeti huporomoka ndani ya siku moja au mbili, na kuongeza dozi hakusaidii. Mwenye kifafa atafutiwe antibiotiki nyingine, au apewe dawa nyingine ya kifafa.

Vankomaisini gramu 1 ipite kwa dakika 60 au zaidi. Mgonjwa akiwashwa na kuwa mwekundu shingoni na kifuani, simamisha, kisha endelea polepole zaidi. Mara nyingi si mzio wenyewe. Lakini presha ikishuka au akibanwa pumzi, hiyo ni dharura.

Faili likiandikwa "mzio wa penisilini", ulizeni nini hasa kilimpata. Kuhara na kichefuchefu si mzio. Aliyevimba midomo au aliyebanwa pumzi mara baada ya sindano, hapewi penisilini yoyote; seftriaksoni huweza kufikiriwa, kwa uangalizi, kwa kuwa mkia wake wa kikemikali ni tofauti.

Damu ya kuotesha itolewe kabla ya dozi ya kwanza, mradi mgonjwa mahututi asicheleweshewe dawa. Saa 48 baadaye, fungueni tena faili pamoja na majibu ya maabara mkononi, na muulize kama dawa hii bado inahitajika.