Sheria za usalama kwenye mikanda CV-1 mpaka CV-5 (yadi ya makaa ya mawe na klinka)

Hii ndo ile karatasi ya sheria iliyobandikwa chumba cha kontro, sasa iko kwa Kiswahili ili kila mtu aisome mwenyewe bila kusubiri mwenzake amweleze. Inamhusu opareta, fundi, wa usafi, dereva wa shaveli na hata kibarua aliyekuja leo asubuhi kwa shifti moja. Kama kuna sehemu hujaelewa usisaini, muulize supavaiza wako kwanza, hakuna atakayekukasirikia.

Kitu kikubwa kuliko vyote ukiweke kichwani kabla ya kuendelea: kamba ya dharura inasimamisha mkanda, haiufungi. Mkanda uliosimama tu ni mkanda unaoweza kuondoka saa yoyote. Mkanda uliofungwa ni ule wenye kufuli YAKO, na ufunguo uko mfukoni mwako.

Kabla haujawaka

King'ora kinalia sekunde 15 kabla mkanda haujaondoka. Kikilia toka, usijiambie namalizia hapa kidogo. Na kama kimelia alafu mkanda haujaondoka usirudi, piga redio chaneli 6 uulize kwanza, maana inawezekana wanajaribu tena kuuwasha.

Nguo zinazoning'inia hapana, ovaroli ifungwe vifungo mpaka mikononi, mtandio, cheni, pete na kamba ya kitambulisho shingoni viache kwenye loka. Nywele ndefu zifungwe ziingie ndani ya helmeti. Glovu pana ndo mbaya zaidi karibu na rola, zinashikwa kabla wewe hujajua.

Gadi

Gadi ni yale makava ya wavu na bati yanayozuia mkono usifike pale mkanda unapokutana na puli au rola. Sehemu hizo ndo zinazokula watu: puli ya mbele, puli ya nyuma, puli ndogo zinazokaza mkanda, rola za chini zinazorudisha mkanda, na pale chini ya chuti ambapo mzigo unadondokea. Rola za chini watu wanazidharau kwa sababu zinaonekana kama zinazunguka taratibu na ziko usawa wa kiuno, ila mkanda ukiwa umekaza na rola imebanwa pale, mkono ukiingia hautoki wenyewe.

Piga hesabu kidogo. CV-3 inakimbia mita 2.5 kwa sekunde. Mtu akishtuka anachukua kama nusu sekunde kabla ya kufanya chochote, na ndani ya hiyo nusu sekunde mkanda umeshasogea zaidi ya mita moja na ushavuta chochote ulichokishika. Kwaiyo ile habari ya "mi nina mkono mwepesi" iache, hakuna mkono mwepesi hapo.

Gadi haifunguliwi mkanda ukitembea, hata kwa dakika, hata kwa kuangalia tu. Inafunguliwa baada ya kufunga kufuli, na inarudishwa na bolti zake zote kabla kufuli hazijatolewa. Sio waya, sio bolti mbili kati ya sita, sio kuegeshwa. Ukikuta gadi imelegea, imekatwa au haipo kabisa, toa taarifa kontro na mkanda huo unasimama mpaka irudi, na opareta ana ruhusa kamili ya kuusimamisha kwa sababu hiyo bila kusubiri bosi. Wavu uliotoboka nao ni gadi mbovu: tundu ambalo mkono unapita ni sawa na hakuna kitu.

Grisi inawekwa kupitia zile nipo zilizoletwa nje ya gadi kwa paipu. Kama nipo imeziba, usiingize mkono ndani, hiyo ni kazi ya kufunga kufuli.

Usafi chini ya mkanda

Hapa nakaa kidogo kwa sababu hii ndo kazi inayofanywa kila siku na ndo inaonekana ndogo. Klinka ikimwagika chini ya mkanda inajaa mpaka inagusa rola, mtu anachukua beleshi anaingia pembeni anaanza kuchota huku mkanda unatembea. Ncha ya beleshi ikigusa mkanda au rola inavutwa, na mtu kwa kawaida haachii beleshi, anaikaza zaidi, ndo anaenda nayo. Kwaiyo sheria iko wazi: hakuna beleshi, fagio, nondo wala mpira wa maji kuingizwa ndani ya mstari wa njano mkanda ukiwa unatembea. Mwagiko ulio nje ya mstari chota. Ulio ndani subiri mkanda usimame na ufungwe.

Na udongo ulionata kwenye puli haukwanguliwi na mkono wala kipande cha chuma huku puli inazunguka. Kama skrepa haifanyi kazi fundi aitengeneze, sio wewe uwe skrepa.

Kwenye mikanda ya makaa, CV-1 na CV-2, usipulize vumbi na hewa ya kompresa. Vumbi la makaa likitanda hewani likakutana na cheche linalipuka. Linafagiliwa taratibu au linamwagiwa maji.

Kamba ya dharura

Ile kamba nyekundu inapita mkanda wote kwenye njia ya kutembea. CV-3 na CV-4 inapita pande zote mbili kwa sababu kuna njia pande zote. Ivute upande wowote, mbele, nyuma, juu, mkanda unakata. Usitafute swichi, shika kamba popote ulipo uivute kwa nguvu. Ukiona mtu ameshikwa, jiwe kubwa limekwama, mkanda unachanika au moshi, vuta, hakuna atakayeulizwa kwa nini amesimamisha mzigo. Ila kumbuka mkanda wenye mzigo hausimami palepale, unaendelea kuteleza sekunde kadhaa.

Ukishavuta, ile swichi inabaki imejifunga yenyewe na kibendera chake kinatoka nje, ndo utaijua ni ipi. Anayeirudisha ni mtu aliyefika pale, akaangalia kwa macho yake kilichotokea, akahakikisha hakuna mtu mkandani. Hairudishwi kwa maneno ya redio. Na kuirudisha swichi hakutakiwi kuwasha mkanda, mkanda unawashwa kontro tu na king'ora kinalia upya. Siku ukirudisha swichi mkanda ukaondoka wenyewe, vuta tena hapohapo uite fundi umeme, huo mfumo ni mbovu.

Kamba haining'inizwi koti, haifungwi kwenye nguzo ili "isisumbue", haipitishwi nyuma ya bomba. Ikilegea au ikikatika swichi inatakiwa ikate yenyewe. Kila Jumatatu asubuhi fundi umeme anajaribu kila swichi moja moja mkanda ukiwa mtupu, anaandika kwenye daftari, na ambayo haijakata mkanda wake hautembei.

Kamba sio njia ya kusimamishia mkanda ili ufanye kazi. Usivute kamba alafu ukapanda kutoa jiwe. Mwenzako upande wa pili haoni ulipo, akikuta kibendera kimetoka anaweza kukirudisha.

Kufunga kufuli

Kila mtu anayeingiza mkono, kichwa au mwili kwenye mkanda anaweka kufuli yake. Mafundi wanne, kufuli nne. Kufuli nyekundu, ufunguo mmoja tu, lebo yenye jina lako, kazi unayofanya na tarehe. Haiazimwi.

Mfano wa CV-4, ile inayopanda, kwa sababu ndo ngumu kuliko zote. Mwambie kontro wamalize mzigo mkanda ubaki mtupu, wasimamishe. Nenda chumba cha umeme, paneli yenye maandishi CV-4, zungusha aisoleta iwe OFF, weka chuma cha matundu sita alafu kufuli yako, na wenzako waweke zao. Kitufe chekundu cha kule kontro sio pa kufungia, wala swichi ya kamba, ni aisoleta tu. Funga pia CV-3 maana ndo inaimwagia mzigo CV-4, mtu akiiwasha mzigo unakuangukia kichwani. Ile geti ya kugeuza mzigo kwenye chuti inasukumwa na hewa, kwaiyo funga valvu ya hewa, iache ipumue mpaka geji isome 0, nayo weka kufuli.

Bado hujamaliza. CV-4 ina lile zege linaloning'inia linalokaza mkanda, hata umeme ukiwa umezimwa zege liko juu na linataka kushuka. Weka pini zake mbili kwenye fremu, na usipite chini yake hata pini zikiwepo. Mkanda wenyewe unapanda mlima, ukiukata au ukifungua puli unaweza kurudi nyuma kwa uzito wake, ubane kwa klampu juu na chini kabla ya kufungua kitu. Usiitegemee breki ya gia boksi peke yake.

Mwisho ujaribu: hakikisha hakuna mtu karibu, rudi kwenye kitufe cha kuwashia, bonyeza. Usipoondoka ndo uanze kazi. Ukiruka hatua hii hujafunga, unaweza ukawa umefunga aisoleta ya mkanda mwingine kabisa.

Chuti ikiziba usiingie ndani wala kusimama chini ya mzigo ulioning'inia. Zibua kutoka juu au kwenye kidirisha, mikanda ya juu na ya chini yote ikiwa imefungwa.

Shifti ikibadilika kazi haijaisha, anayeingia anaweka kufuli yake kwanza ndo anayetoka atoe ya kwake. Mtu akiondoka akasahau kufuli, haikatwi mpaka supavaiza ampigie simu, ahakikishe hayupo yadini, akague mkanda wote kwa miguu, asaini, na mwenyewe aambiwe kabla hajagusa kazi shifti inayofuata.

Mengineyo

Kuvuka ni darajani tu, hakuna kuruka wala kupita chini, hata mkanda ukiwa umesimama. Kupanda mkanda ili upate lifti unafukuzwa siku hiyohiyo.

Mkanda ukikimbilia upande mmoja, anaeurekebisha huku unatembea ni fundi aliyefundishwa tu, kwa zile bolti ndefu zilizo nje ya gadi. Wengine wote toeni taarifa.

Rola iliyokwama inapata moto mpaka inawaka nyekundu. Ukiinusa au ukiiona sema haraka, na mkanda ukisimama usiondoke pale, kwa sababu mpira wa mkanda ukikaa sehemu moja juu ya rola ya moto ndo unashika moto. Kaa na mpira wa maji mpaka ipoe, simama njia ya kutembea, na rola ibadilishwe kwa kufuli kama kazi nyingine yoyote.

Karatasi ya saini iko kwa karani wa shifti. Andika jina, namba ya kazi na mkanda unaofanyia kazi, alafu uchukue kufuli yako hapohapo.