Kuhusu ile laki tatu

Mama Salha, za tangu jana?

Meseji yako ya kuomba nikukopeshe niliiona jana usiku. Sikujibu kwa makusudi, nilitaka kwanza nitulie. Samahani kama ulilala ukiitazama simu, maana najua ulivyo.

Shoga yangu, ile laki tatu sitakupa. Nimelisema mapema ili usihangaike kusoma mstari kwa mstari ukitafuta jibu liko wapi.

Ningeweza kukuandikia "sina, tarehe mbaya", ukaelewa, yakaisha. Au nimtupie lawama Baba Kelvin, niseme amekataa. Hata hajui kama umeomba. Uamuzi ni wangu mwenyewe, na si kwa leo tu: sitakukopesha tena, hata mwezi ujao, hata mshahara ukishatoka. Tumejuana tangu kidato cha kwanza tunalalia godoro moja bwenini. Nikianza kukudanganya leo, kesho nitaanza kukwepa hata njia ya kwako.

Ya kwangu unayajua nusu. Ule mkopo wa bati na saruji bado wanaukata, na baada ya makato naambulia ile moja ya tatu ya mshahara ambayo hawaruhusiwi kuigusa. Humo ndimo mna nauli, mahitaji ya Kelvin na dawa za presha za mama. Zile nilizokupa mwaka jana nilizitoa kwenye kikoba, na mweka hazina wetu unamfahamu, hajui kusemea mtu pembeni. Hilo nilikuwa sijakwambia.

Lakini hata ningekuwa nazo hapa kwenye droo nisingekupa. Angalia hesabu. Kwa yule bwana wa kausha damu ulichukua laki tatu, unarejesha elfu kumi na tano kila siku kwa siku 28. Hiyo ni laki nne na ishirini. Wali maharage unauza elfu mbili. Ukitoa mchele, mkaa, mafuta na hela ya yule binti anayekusaidia, sahani inakuachia labda mia tano. Ina maana kila siku sahani thelathini za kwanza unampikia yeye, ndipo uanze kujipikia wewe. Nikikutumia laki tatu leo, jioni ziko kwake, na wewe unabaki na deni lile lile, ila limehamia kwangu.

Halafu kuna zile za nyuma, laki tatu na themanini. Leo sizidai. Ila sijazisamehe pia, nisikufiche. Ukikaa sawa utanirudishia hata elfu kumi kumi, bila mtu kukugongea mlango. Ninachokataa ni kuziongeza, kwa sababu zimeshaanza kutuharibu. Jumamosi ile pale stendi ya Rangi Tatu uliniona, ukageukia kwenye mitumba ukajifanya unachagua blauzi. Nilikuona, Hawa. Na wewe blauzi za mtumba huvai.

Sasa nikwambie ninachoweza.

Kwanza lile daftari lako la wanaokula kwa mkopo. Juzi nilikuwa nalifungua nikisubiri chai, nikachoka. Kuna mmoja umemwandika "Mrefu kofia nyekundu", hana hata jina, anadaiwa elfu thelathini na mbili! Mtaji wako uko kwenye matumbo ya vijana wa bodaboda, halafu wewe unakwenda kukopa kwa riba. Jumamosi saa moja asubuhi nitakuwa pale kwenye benchi la mlangoni na daftari mkononi. Wewe utapika, huruma yako ibaki jikoni. Mimi nina darasa la wanafunzi tisini, hao vijana wa kijiweni hawanitishi. Atakayetaka sahani apunguze kwanza la nyuma. Haitafika laki tatu, ila ya marejesho ya siku kadhaa itapatikana. Na kuanzia hapo, mama, usikopeshe tena sahani hata ya maharage matupu.

Jumatatu nikitoka shule twende wote ofisini kwa mkopeshaji. Usiende peke yako, utatoka umesaini mkopo mwingine. Tutaomba rejesho lishuke na muda urefushwe. Tutamwomba pia atuonyeshe leseni yake ya Benki Kuu, maana watu wa biashara hiyo wanatakiwa kuwa nayo, na akupe nakala ya mkataba. Umeweka friji dhamana, lakini karatasi huna! Akija mtu kutaka kubeba chochote kabla ya hapo, nipigie hata saa nane za usiku, tutamwamsha mwenyekiti wa mtaa.

Na tafadhali, zile programu za mikopo ya simu usiziguse ili umlipe huyu. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ndefu ya zisizo na leseni. Wakishaingia kwenye majina ya simu yako, siku umechelewa wanamtumia meseji hadi shemeji yako.

Jambo jingine la kukupa nafuu: walimu wanalalamikia chakula cha pale getini kwetu. Nimemuuliza mwalimu mkuu, amekubali ulete wewe. Ni sahani kumi na mbili, Jumatatu hadi Ijumaa, saa saba kamili, na kila mtu analipa anapopokea. Mambo ya deni sijamwambia mtu, nimesema tu namjua mpishi mzuri. Sasa usiniaibishe kwa wali wa kuungua kama ule wa kipaimara cha Kelvin.

Kuna na ile mikopo ya halmashauri, asilimia nne ya wanawake. Haina riba, na ilirudi 2024 baada ya kusimamishwa. Ila haiji kesho, nisikupe matumaini ya bure. Lazima muwe kikundi, si chini ya watu watano, kisajiliwe na kiwe na akaunti ya benki, ndipo maombi yapite kata hadi manispaa. Mama lishe wenzako pale mko wengi. Ukipata wanne unaowaamini, nitawaandikia katiba ya kikundi na andiko la mradi, na kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata nitawapeleka mwenyewe. Unaowaamini, nimesema. Yule aliyekimbia na hela za mchezo asiingie.

Kaka yangu ameleta mchele wa Kyela. Debe moja ni lako, nitakuja nalo Jumamosi. Hiyo ni zawadi, usije ukaiandika kwenye daftari lolote.

Salha sasa. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba na hesabu za sehemu bado zinamsumbua, nimeona madaftari yake. Aje kwangu kila siku akitoka shule, asome na Kelvin na ale hapa hapa. Asipike wala asioshe masufuria mgahawani hadi mtihani upite. Kama kwako kutakuwa na kelele za wadai, alale hapa hata wiki nzima, kitanda kipo.

Najua utakasirika, na utaninyamazia siku mbili tatu kama kawaida yako. Kasirika tu, Jumamosi nakuja hivyo hivyo. Ila hasira zako zisimfikie mtoto: leo aje saa kumi na daftari la hisabati na mkebe, ule wa Kelvin umevunjika bikari. Saa kumi na mbili nitamrudisha mwenyewe.

Mama Kelvin