Yai Ndani ya Soksi

Sefu alikuwa akifuata njia ya sisimizi. Walipanda kutoka dirishani, wakapita pembeni mwa jiko na kupotelea kwenye rafu ya juu, naye alikuwa ameazimia kujua kilichowaita. Akashusha makopo moja moja: chumvi, majani ya chai, unga, sukari. Kopo la sukari lilikuwa limeachwa wazi. Hapo kazi ingeweza kuisha, lakini alipopeleka kitambaa cha kufutia hadi kona ya nyuma, ile inayopata joto la jiko mchana kutwa, mkono wake ukagusa soksi ya mtoto iliyofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na yai.

"Mama Zuhura, hebu njoo uone."

Mkewe alikuja akikausha mikono. "Kumbe lile lililopungua kwenye trei! Nami nilikushuku wewe. Tangu shule zilipofungwa, Baba Zuhura, na sasa zimekwisha kufunguliwa. Litupe, na ulitupe mbali."

"Subiri kwanza."

"Unasubiri nini? Yai viza hilo."

Sefu hakujibu. Alikuwa akiitazama ile soksi. Ilikuwa ndogo, ya rangi ya samawati, na fundo lake lilikazwa mara mbili kama Zuhura alivyofunga kamba za viatu vyake. Alielewa. Mtu anayeficha yai ili alile halivishi soksi.

Akamwita binti yake. Zuhura alisimama mlangoni, akaona kilichokuwa mezani, na macho yake yakajaa machozi kabla hajaulizwa neno.

"Usilivunje, baba. Yumo ndani."

"Nani?"

"Kifaranga."

Mama mtu akafungua kinywa, kisha akakifunga, akamwachia mumewe. Sefu angeweza kumwambia ukweli pale pale kwa sentensi moja. Lakini alimjua mwanawe: jambo aliloambiwa hulibeba kwa mashaka, alilojionea mwenyewe hulishika. Akavuta kiti.

"Basi tulichunguze pamoja. Tutaanza bila kulivunja."

Kwanza aliligeuza polepole chini ya mwanga wa dirisha, akitafuta ufa. Hakuuona. Ganda lilikuwa kavu, halina doa wala utelezi. Akalinusa, akampa Zuhura naye anuse. Halikuwa na harufu yoyote.

Kisha wakafunga pazia na mlango. Sefu akawasha tochi ya simu, akaliegemeza yai juu yake, upande butu ukiwa juu ya taa, na kuziba mwanga kwa viganja. Yai lote likawaka rangi ya chungwa. Zuhura akavuta pumzi.

"Unaona huku chini, pameng'aa zaidi? Hicho ni chumba cha hewa. Yai linapotagwa huwa na nafasi ndogo mno hapo. Ganda lina vitundu maelfu, hata jicho haliwezi kuviona. Maji yaliyomo ndani hutoka humo taratibu yakiwa mvuke, na hewa huingia mahali pake. Kadiri siku zinavyopita, chumba hiki hukua."

"Hiki ni kikubwa."

"Kikubwa sana. Sasa tazama juu yake." Alilizungusha kidogo, na kivuli cha mviringo kikaelea na kuhama upande. "Hicho ni kiini. Kama kifaranga angekuwa anakua, hata kwa wiki moja tu, tungeona mishipa myembamba ya damu imetawanyika kutoka katikati kama mizizi. Na baada ya muda wote huu tungeona giza limejaa karibu yai zima. Wewe unaona nini?"

Zuhura alitazama muda mrefu. Sefu hakumharakisha, ingawa simu ilikuwa imeanza kumchoma kiganja.

"Naona kiini tu," alisema mwishowe.

Walipofungua pazia, mama yake alikuwa amekwisha kuweka bakuli la kioo mezani na kulijaza maji baridi. Zuhura akalishusha yai kwa vidole vyake mwenyewe. Yai bichi la siku chache huzama na kulala ubavu. Likikaa zaidi, huinua upande wake butu na kusimama wima chini kabisa. Hili halikufika chini. Lilizama kidogo, likasita, likapanda tena hadi sehemu ya ganda ikatokeza juu ya maji.

"Si nilisema?" mama akadakia. "Limeelea, limeoza."

"Limeelea, limezeeka," Sefu alisema. "Maji yanatuambia ukubwa wa kile chumba cha hewa. Kuoza ni habari nyingine, na ya kuoza hatutaijua mpaka tulifungue." Akamgeukia Zuhura. "Hili ni lako. Ukisema tusilifungue, tutalifukia hivi hivi."

Msichana alifikiri. Akafuta pua kwa mkono wa gauni. "Tulifungue. Lakini nje."

Uani, Sefu aliligonga kwenye ukingo wa kibakuli, uso wake ukiwa mbali, tayari kwa uvundo. Hapakuwa na uvundo. Ute ulimwagika mwepesi kama maji, haukukamatana kukizunguka kiini kama ute wa yai jipya. Kiini kilitua bapa, utando wake ukapasuka, njano ikatambaa hadi pembeni. Hapakuwa na kingine.

Hata mama yake Zuhura alisogea na kunusa, akashangaa. "Basi ni zima?"

"Halinuki. Lakini hatulili. Limekaa kwenye joto wiki nyingi, na vijidudu vya kuumiza tumbo si lazima vinuke." Akamwaga vyote shimoni, akafukia, akanawa mikono kwa sabuni, na kumsimamia Zuhura naye anawe.

Ni wakati wa kunawa ndipo swali lilipokuja. "Kwa nini hakuwemo? Nililiwekea joto. Na nililigeuza."

"Uliligeuza?"

"Kila siku asubuhi. Napanda kiti. Kuku hugeuza mayai yake kwa mdomo, niliona kitabuni."

Sefu alifunga bomba. Wiki zote hizo alimsikia akiburuza kiti jikoni asubuhi, akadhani anatafuta sukari. Akachuchumaa ili macho yao yalingane.

"Ulifanya sawasawa, mwanangu. Kasoro haikuwa kwako. Mayai tunayonunua hutagwa na kuku wasioishi na jogoo, na bila jogoo kifaranga hawezi kuanza, hata ulipashe joto mwaka mzima. Halafu jiko hupoa usiku, na mama kuku habanduki juu ya mayai ila dakika chache akale. Huyaatamia siku 21, usiku na mchana."

"Shangazi ana jogoo," Zuhura alisema.

"Anaye."

"Na kuku anayeatamia?"

Sefu hakujua. Akatoa simu na kumpigia dada yake, akamweleza habari ya soksi, tochi na bakuli la maji. Upande wa pili kulikuwa na kimya, kisha sauti ya dada yake ikasema kwamba mtetea wake mweusi alikuwa amelalia mayai tangu juzi, na akaomba kuongea na mtoto.

Zuhura aliishika simu kwa mikono miwili. "Shikamoo, shangazi," alisema, na bila kungoja itikio: "Hayo mayai umeyapiga tochi?"