Hotuba ya kumuaga Mwalimu wetu, kutoka kwa watoto wa darasa la pili 1987

Asalaam aleikum. Wazee wangu shikamooni, kina mama, walimu, chifu wetu, nyote. Huko nyuma sauti yafika? Haya. Nimepewa dakika tano na aliyenipa ni mke wangu, kwa hivyo sizidishi.

Hii foto mliyotumiwa kwa wasap jana usiku nimeitoa kwa Mwalimu mwenyewe, ilikuwa kwenye mkebe wa biskuti pamoja na barua yake ya kwanza ya TSC, pembe moja imeliwa na chumvi. Nyuma kaandika kwa bluu: Darasa la 2, Matondoni, 1987. Alikuwa na miaka 22, katoka Amu mjini, hiyo 8-4-4 yenyewe ina miaka miwili tu na walimu nao walikuwa bado wanaisoma.

Hebu ifungueni tuiangalie. Ukuta wa udongo, juu makuti. Sasa hivyo vidoa vyeupe vichwani kwetu, jana mtu aliniandikia eti foto imeingia maji, la hasha, hilo ni jua linapita kwenye matundu ya makuti. Kuna doa moja lilikuwa likitembea ukutani pole pole na likigusa ubao tu tushajua ni saa ya mapumziko, na Mwalimu akijifanya halioni. Madawati hakuna, tumekalia mikeka ya mama zetu, na Matondoni mkeka si kitu cha kununua. Angalieni mkono wake wa kulia, kile ni kipande cha chaki, si chaki nzima. Nzima hatukuwahi kuiona, alikuwa akizivunja tatu tatu ili mwezi uishe.

Sasa hesabuni watoto. Mimi nimehesabu mara mbili, 40. Rejista ilikuwa na 41. Yule mmoja ni mimi.

Siku hiyo mpiga picha kaja na mashua kutoka mjini, mama kanifulia shati kanipaka mafuta hadi nang'aa, na mimi nikakata njia nikaenda kwa baba kwenye majahazi, manake nilikuwa nikipenda kugonga kalafati kuliko kitu chochote duniani. Adhuhuri nikamwona Mwalimu anakuja, viatu mkononi, matope hadi kwenye vifundo, rejista kwapani. Nikajua leo nimekwisha. Akamwamkia baba, akakaa juu ya ubao, akaniuliza, ubao mmoja una misumari mingapi? Nikahesabu nikamwambia. Na mbao za ubavu huu ni ngapi? Nikamwambia. Basi ubavu mzima utakula misumari mingapi? Nikafumba macho nikapiga hesabu nikaitoa. Baba akaweka nyundo chini. Mwalimu hakusema neno zaidi, akafungua rejista pale pale akanitia alama ya nimekuja, akaaga. Kesho yake baba ndiye aliyenileta skuli, kanishika mkono mwenyewe.

Mimi sikuwa daktari wala injinia, niko pale pale pwani natengeneza boti, mwaniona. Lakini bili zangu naandika mwenyewe na sijapata tajiri aliyenipunja hata ubao mmoja.

Fimbo tulikula pia, tusidanganyane mbele ya watu. Ilipopigwa marufuku 2001 sisi tulishamaliza fungu letu, wadogo zetu ndio walioneemeka. Halafu 2003 Kibaki akafanya msingi bure, darasa likafurika, wakaja na waliokuwa wameanza kuota ndevu na Mwalimu akawapokea bila kuwacheka, nendeni mkawaulize, wawili wamekaa pale karibu na sufuria na si bure wamekaa pale. CBC nayo ikamkuta ana miaka hamsini na kitu, akawa anakaa na walimu wa umri wa wanawe anawauliza, hiki mwanangu chafanywaje?

Mwalimu, sisi wa 1987 tumekuletea vitu viwili. Mkeka, umesukwa na wale wasichana watatu wa mstari wa mbele, sasa ni mabibi. Na foto yenyewe tumeikuza na kuitia fremu. Kijana wa studio akaniambia, mzee, nipe sura yako nikutie hapo kwa kompyuta, haijulikani. Nikamwambia wacha. Pale chini ya dirisha pana nafasi kwenye mkeka, ndipo pangu, na Mwalimu apajua.

Pensheni ikikawia usinyamaze, tuambie, tutafuatana nawe mpaka mlangoni kwao, wote 40 na mimi. Na walio na boti ya Amu maji yashaanza kupwa, kuleni pilau haraka mkikwama kwenye matope mimi sitoki kuwasukuma leo.