Kwa Mama na Baba Asifiwe: alivyoanguka leo asubuhi

Goma, Jumanne

Mama Asifiwe, Baba Asifiwe, jambo kwenu.

Kama tulivyomwambia Baba kwenye simu (ya Mama haikupita, mtandao ulikataa), Asifiwe ameanguka leo kreshini. Sasa anacheza, na uji wake wa sosoma amemaliza. Tunawaandikia ili mjue yote, na karatasi hii ibaki nyumbani.

Ilikuwa saa 4:20 asubuhi. Watoto walikuwa wametoka kunawa mikono, na maji yalikuwa yamemwagika barazani. Asifiwe alikimbilia mpira, akateleza kwenye ngazi ya mwisho, ile fupi ya kama shubiri moja, akaangukia uso kwenye changarawe ya makoro. Mlezi alikuwa hatua mbili nyuma yake, alimuona lakini hakumuwahi. Yale maji yalipaswa kupanguswa kabla ya watoto kutoka. Hilo ni kosa letu, na tunawaomba radhi.

Alilia palepale. Hakuzimia, hakutapika. Ana nundu upande wa kushoto wa paji la uso, kubwa kama nusu ya ndimu, na mkwaruzo mdogo kwenye mdomo wa juu. Damu ilitoka kidogo ikakoma. Meno yote ni mazima. Tulimuosha kwa maji safi na sabuni, tukamwekea kitambaa cha maji baridi kwa dakika 10. Alichokililia zaidi ni kiatu chake kimoja kilichobaki chini ya ngazi, alipokipata akanyamaza.

Saa 5 muuguzi wa kituo cha afya cha jirani alimpima: macho, shingo, mikono, miguu. Hakuona kitu kilichovunjika. Hakumpa dawa.

Usiku huu anaweza kulala kama kawaida, ila mumwamshe mara moja au mbili muone kama anawatambua. Nundu msiikande kwa maji ya moto wala kuisugua. Aspirini asipewe. Kesho inaweza kugeuka rangi, ikawa ya zambarau hata kushuka karibu na jicho. Hiyo peke yake isiwatishe.

Lakini akitapika zaidi ya mara moja, akiwa mzito kuamka, akilia bila kubembelezeka, akiyumba anapotembea, akipata degedege, au majimaji yakimtoka puani au sikioni baada ya kuanguka huku, mpelekeni hospitali mara moja, msingoje kupambazuke. Kwa kuwa usiku kutembea ni shida, wasiwasi wowote mkiuona jioni, mtoke mapema. Mumwangalie hivyo kwa siku 2.

Tafadhali mwangalie pia kadi yake ya chanjo, kwa ajili ya pepopunda.

Kesho akiamka vizuri, mleteni. Akibaki nyumbani, tutumieni ujumbe mfupi tu, maana wenzake wameshaanza kumuulizia. Ngazi ile tumeifungia kwa benchi, na watoto wanapitia upande wa jikoni mpaka baraza itandikwe mkeka usioteleza.

Poleni sana.

Mkuu wa kreshi, pamoja na mlezi wa darasa la wadogo